Kutoka Kinasa Sauti hadi Muhtasari wa Kikao

Uchukuliwe mfano wa kikundi cha wanafunzi sita wa kidato cha tatu wanaofanya mradi wa kuvuna maji ya mvua kutoka katika paa la maabara ya shule yao, mahali fulani katika mwambao wa Tanzania. Jumatano tarehe 11 Machi, siku chache kabla masika hayajashika, kikundi kinakutana kwa dakika 42. Watano wamehudhuria pamoja na mwalimu mlezi. Mmoja ni mgonjwa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo mazungumzo yananaswa kwa simu ya mwalimu, iliyowekwa katikati ya meza.

Kufikia Jumamosi mambo yamekwisha kuvurugika. Msimamizi wa vifaa anaamini kwamba kikundi kimeamua kununua tangi la lita 5,000. Mtunza fedha anaamini kwamba limeamuliwa tangi la lita 2,000, na kwamba anatakiwa kulilipia mara moja. Mwenyekiti anaamini kwamba ni la lita 2,000, lakini senti moja isitoke kwanza. Yule aliyekuwa mgonjwa haamini lolote, kwa sababu hakuna aliyemweleza. La ajabu ni kwamba kila mmoja wa hao watatu wa kwanza anaweza kurudi kwenye sauti ile na kuonyesha mahali panapomuunga mkono. Hakuna anayesema uongo. Kinasa sauti kimehifadhi maneno yote, ila hakikuhifadhi mahali ambapo maneno yalikoma kuwa maoni na kuanza kuwa uamuzi. Kazi hiyo ni ya katibu, na ndiyo itakayoelezwa hapa.

Taarifa ya maneno na taarifa ya matendo

Zipo aina mbili za kumbukumbu za mkutano, nazo zisichanganywe. Aina ya kwanza huandika maneno kama yalivyosemwa. Bunge la Tanzania huchapisha majadiliano yake kwa namna hii katika Hansadi, jina lililotokana na Thomas Hansard, mpiga chapa wa London aliyekuwa akichapisha majadiliano ya Bunge la Uingereza katika karne ya 19. Mwananchi ana haki ya kujua mbunge wake alisema nini, hata kama hoja yake ilishindwa. Ndiyo maana Bunge hugharimia kazi hiyo kubwa. Nayo ni kubwa kweli: mwandishi mzoefu huhitaji takriban saa nne, na mara nyingine zaidi, ili kuandika neno kwa neno mazungumzo ya saa moja.

Aina ya pili ni muhtasari. Mwaka 1876 Henry Martyn Robert, ofisa mhandisi wa jeshi la Marekani, alitoa kitabu cha kanuni za mikutano ambacho hadi leo hufuatwa na vyama vingi. Humo alishika msimamo kwamba kumbukumbu za kikao cha kawaida ziseme yale yaliyotendwa na kikao, si yale yaliyosemwa na wajumbe. Kikundi cha mradi kinahitaji aina hii. Mjumbe anayefungua karatasi Jumatatu asubuhi hatafuti kujua nani alibishana na nani. Anataka kujua yeye afanye nini, kabla ya siku gani, na kwa mpaka gani.

Hata hivyo, katika jambo moja kikundi cha mradi kingefanya vema kuiacha kanuni hiyo kidogo, nalo ni kutaja sababu ya uamuzi kwa sentensi moja. Chama kinachochagua viongozi wake hakina haja ya sababu. Mradi wa sayansi unayo, kwa maana hali ikibadilika, mathalani bei ikipanda au mvua ikichelewa, wajumbe watataka kujua kama uamuzi wa zamani bado unasimama, nao hawawezi kupima hilo bila kujua ulisimama juu ya nini.

Kunasa sauti inayoweza kusikilizwa

Juu ya unasaji wenyewe yatosha maneno machache. Simu iwekwe katikati ya wasemaji, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili migongo ya kalamu na viganja vinavyopiga meza visisikike kama ngurumo. Isiwekwe karibu na feni wala dirisha la upande wa barabara. Izuiwe kupokea simu, maana simu ikiita katikati ya kikao kunasa kunaweza kukatika pasipo mtu kujua. Inaswe dakika moja ya majaribio, isikilizwe, ndipo kikao kianze.

Mwenyekiti afungue kwa kueleza kwamba sauti inanaswa na kwa ajili gani, na kila mmoja aitikie kwa kutaja jina lake. Hili lina faida mbili kwa pamoja. La kwanza ni idhini: sauti ya mtu ni mali yake, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. La pili ni kwamba katibu anapata sampuli ya kila sauti pamoja na jina la mwenyewe, ambayo atairudia mara nyingi atakapokuwa anajiuliza ni nani aliyesema "nitakwenda mimi". Zaidi ya hapo, katibu aandike katika daftari mambo ambayo sauti haiwezi kuyashika: mkono ulioinuliwa, kichwa kilichotikiswa, kidole kilichoelekezwa kwenye mchoro na mtu akasema "hapa".

Kusikiliza mara tatu

Katibu mgeni wa kazi hii hukaa na sauti na kuanza kuandika muhtasari tangu dakika ya kwanza, akifuata mazungumzo kama yalivyokwenda. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu watu hawazungumzi kwa mpangilio wa ajenda. Jambo huachwa nusu, likarudiwa dakika ishirini baadaye, likapinduliwa kwa sentensi moja ya pembeni.

Njia iliyo salama ni kusikiliza mara tatu, kila mara kwa shabaha yake. Mara ya kwanza sauti ichezwe yote bila kusimamishwa, na katibu aandike tu saa na mada: "dakika ya 11, ukubwa wa tangi, dakika ya 20, mahali pa kipimo cha mvua, dakika ya 31, tangi tena". Karatasi hii ni kama ramani. Mara ya pili arudi kwenye sehemu zile tu ambapo kitu kilikuwa kinaelekea kuamuliwa, aziandike neno kwa neno. Katika kikao cha dakika 42 sehemu hizo zote kwa pamoja aghalabu hazizidi dakika saba au nane. Mara ya tatu ni ya kuhakiki tarakimu, majina, siku na saa, baada ya muhtasari kuandikwa.

Katika mfano huu, ramani inaonyesha kwamba habari ya tangi imeguswa mara mbili, ambazo zimetenganishwa na mada nyingine. Hivi ndivyo katibu alivyoziandika katika usikilizaji wa pili:

11:40. Msimamizi wa vifaa: "Mimi naona tuchukue la elfu tano, masika haya yatakuwa makubwa."
11:52. Sauti kadhaa: "Eeh, sawa."
12:05. Mtunza fedha: "Jamani, tuna laki sita na nusu tu. La elfu tano ni milioni moja na laki mbili."
12:20. Mwenyekiti: "Tutaona namna."
17:30. Mwenyekiti: "Basi tuseme la elfu mbili. Kuna anayepinga?" (Kimya, sekunde nne.) "Haya, tumeelewana. Nani atakwenda dukani?"
17:48. Msimamizi wa vifaa: "Nitajaribu kwenda kesho kutwa."
31:15. Mwalimu mlezi: "Lile tangi, msililipie kabla jukwaa lake halijakaguliwa."
31:24. Mwenyekiti: "Sawa mwalimu. Basi kulipa tusubiri mpaka likaguliwe."
31:30. Mtunza fedha: "Haya, fedha nitakaa nazo."

Mahali ambapo uamuzi ulifanyika

Tazama kwanza dakika ya 11. Mtu ametoa pendekezo, na sauti kadhaa zimesema "eeh, sawa". Msimamizi wa vifaa aliondoka akiamini kwamba hapo ndipo jambo lilipokwisha. Lakini katika mazungumzo ya Kiswahili maneno kama "eeh", "sawa", "haya" na "ndiyo" hufanya kazi mbili tofauti. Mara nyingi humwambia msemaji tu kwamba anasikika na aendelee; mara chache humwambia kwamba anakubaliwa. Masikio peke yake hayatoshi kuzitenga kazi hizo mbili. Kinachozitenga ni lile linalofuata. Kama baada ya "sawa" watu wanaanza kupanga utekelezaji, yaani nani aende, lini, na kwa fedha gani, basi "sawa" ile ilikuwa ni kukubali. Kama baada yake mtu analeta kikwazo na mazungumzo yanaendelea juu ya jambo lilelile, basi ilikuwa ni kuitikia tu. Hapa mtunza fedha alileta kikwazo sekunde kumi na tatu baadaye, na mwenyekiti akajibu "tutaona namna", maneno ambayo maana yake halisi ni kwamba jambo bado liko wazi. Basi katika dakika ya 11 hapakuwa na uamuzi.

Dakika ya 17 ni tofauti. Mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kufunga hoja, amelitaja jambo kwa maneno yake, ameuliza kama kuna anayepinga, amengoja, kisha ametamka kwamba wameelewana. Na mara moja likafuata swali la utekelezaji. Je, kimya cha sekunde nne ni idhini? Katika uendeshaji wa vikao huhesabiwa kuwa ni idhini, maadamu swali la wazi limeulizwa na nafasi ya kujibu imetolewa. Kimya kisichotanguliwa na swali si idhini ya kitu chochote. Hata hivyo katibu akumbuke kwamba palikuwa na mwalimu mezani, na wanafunzi wengine hunyamaza kwa heshima tu. Hilo haliwezi kutatuliwa kwa kusikiliza tena. Litatatuliwa pale rasimu ya muhtasari itakapopelekwa kwa wajumbe wote.

Katika dakika ya 31 wajumbe walikuwa wanazungumzia mahali pa kipimo cha mvua, si tangi. Mwalimu akakumbuka jambo: tangi la lita 2,000 likijaa, maji yake peke yake yana uzito wa tani 2, na jukwaa la matofali lililojengwa nyuma ya maabara halijapimwa uimara wake. Kwa sentensi tatu fupi uamuzi wa dakika ya 17 ukawekewa sharti. Katibu anayefuata mpangilio wa ajenda bila ramani ataandika kwamba "iliamuliwa kununua tangi la lita 2,000", atahamia mada ya pili, na maneno ya mwalimu ataya­chukua kuwa nasaha ya kupita. Mtunza fedha naye alikuwepo na alijibu, lakini kufikia Jumamosi alichokumbuka ni ile dakika ya 17 tu, iliyosemwa kwa sauti kubwa na kwa urefu zaidi. Kwa sababu hii, kila uamuzi unapopatikana, katibu aulize ramani yake: je, jambo hili limeguswa tena baadaye? Neno la mwisho lenye mamlaka ndilo linaloshika.

"Sisi" asiye na jina

Kiswahili kina kiambishi kidogo kinachowatesa makatibu, nacho ni "tu-". "Tutanunua", "tutakagua", "tutawaambia": vitenzi hivi vina mtenda, lakini mtenda huyo ni sisi sote, na kazi ya watu wote aghalabu haifanywi na mtu. Kauli ya kutendwa ni mbaya zaidi. "Jukwaa litakaguliwa" ni sentensi safi kwa sarufi, ila haina mtu ndani yake.

Katibu anaposikia sauti akatafuta jina na asilione, hushawishika kulijaza mwenyewe. Anajua kwamba jukwaa liko nyuma ya maabara, anajua kwamba msimamizi wa vifaa ndiye anayeshughulika na mambo ya aina hiyo, basi anaandika jina lake. Hapana budi jambo hili likatazwe kabisa. Mwenye jina hakukubali kazi hiyo, hakuwa anajua kwamba anayo, na siku ya kikao kijacho atashutumiwa kwa kutofanya kitu ambacho hakuahidi. Mahali pa jina katibu aandike: "mhusika hakutajwa", kisha amwendee mwenyekiti siku hiyohiyo na kumwomba amteue mtu. Mtu huyo akikubali, jina liandikwe pamoja na maelezo kwamba liliteuliwa baada ya kikao. Katika mfano huu mwenyekiti alimwendea mwalimu mlezi, naye akakubali kulikagua jukwaa yeye mwenyewe pamoja na fundi wa shule.

Ipo pia ahadi iliyo nusu. Msimamizi wa vifaa alisema "nitajaribu kwenda". Je, hiyo ni ahadi? Katibu hana haki ya kuigeuza kuwa "atakwenda", wala hana haki ya kuitupa. Amwulize mwenyewe, kwa swali lisilo na mtego: "Niandike kwamba utakwenda Ijumaa, au kazi hii apewe mwingine?" Swali hili huchukua nusu dakika na huokoa wiki nzima.

Tarakimu, siku na saa

Maneno ya wakati husemwa kwa kuhesabu kutoka siku ya msemaji, lakini husomwa siku nyingine. "Kesho kutwa" iliyosemwa Jumatano tarehe 11 ni Ijumaa tarehe 13. Msomaji anayepata muhtasari siku ya Alhamisi ataihesabu kuwa Jumamosi. Kwa hiyo "kesho", "kesho kutwa", "wiki ijayo" na "mwisho wa mwezi" yasionekane kamwe katika muhtasari. Kila mahali iandikwe siku na tarehe.

Saa zina hatari ya pekee kwa wasemaji wa Kiswahili. Kikundi hiki kilizungumzia wakati wa kusoma kipimo cha mvua. Mjumbe mmoja alisema kisomwe "saa tatu asubuhi, kama vituo vya hali ya hewa", na kweli ndiyo desturi ya vituo vya Afrika Mashariki. Dakika mbili baadaye mwingine, aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza, akasema "basi ile tisa", akimaanisha wakati uleule. Katibu akiandika "saa 9:00" bila neno zaidi, msoma kipimo aliyekuwa mgonjwa atakwenda alasiri. Mvua iliyonyesha adhuhuri ya Jumanne, ambayo wenzake wangeipima Jumatano asubuhi, yeye ataiandika Jumanne, na jedwali la mwezi mzima litakuwa na siku zilizochanganyika bila alama yoyote ya kuonyesha kosa. Basi katika muhtasari iandikwe "saa 3:00 asubuhi", kwa hesabu ya Kiswahili, na neno la sehemu ya siku lisikosekane.

Tarakimu zenye sauti za kufanana nazo zihakikiwe. "Thelathini" na "themanini" hazitofautiani sana katika sauti iliyonaswa kwa mbali, hasa mtu akikohoa. Katika dakika ya 14 ya mfano huu mmoja wa wajumbe alikuwa anakadiria maji yatakayopatikana kwa mvua moja nzuri. Paa lina urefu wa meta 12 na upana wa meta 8, yaani eneo la meta za mraba 96. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Alisema sehemu moja hupotea kwa kurukia nje na kulowesha mabati, hivyo ihesabiwe asilimia themanini tu. Kisha akataja kiasi cha mvua chenyewe, na hapo kiti kikaburutwa: milimita thelathini, au themanini?

Katibu hana haja ya kubahatisha, kwa maana hesabu inajihakiki yenyewe. Kama ni 80, basi 96 mara 80 mara 0.8 ni lita 6,144. Kama ni 30, basi 96 mara 30 mara 0.8 ni lita 2,304. Na sekunde chache mbele sauti ya mjumbe huyohuyo inasikika vizuri ikisema, "hizo ni kama lita elfu mbili na mia tatu." Ilikuwa thelathini. Tena hii ndiyo sababu iliyomfanya mwenyekiti aseme "basi tuseme la elfu mbili" dakika tatu baadaye: mvua moja ya namna hiyo inatosha kulijaza tangi hilo. Sababu hiyo ndiyo itakayoandikwa chini ya uamuzi, pamoja na ile ya fedha.

Mtego mwingine ni jibu la swali la kukanusha. Mwenyekiti aliuliza, "Kipimo cha mvua hakijanunuliwa?" Mtunza fedha akajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili cha kawaida maana yake ni "ndivyo, hakijanunuliwa". Lakini mwanafunzi aliyeathiriwa na Kiingereza huweza kusema "ndiyo" akimaanisha kwamba kimenunuliwa. Neno hilo moja lisiaminiwe, yasikilizwe yanayolifuata. Hapa yalifuata maneno "duka lilikuwa limefungwa", na shaka ikaondoka.

Karatasi yenyewe

Muhtasari huanza kwa kichwa cha kawaida: jina la kikundi, namba ya kikao, tarehe, mahali, waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa. Kisha ajenda moja baada ya moja, zikifuata mpangilio wa mambo na si mpangilio wa mazungumzo. Yaliyosemwa katika dakika ya 17 na ya 31 yatakaa pamoja, kwa sababu ni jambo moja. Sehemu ya tangi ilitoka hivi:

Ajenda ya 1: Ukubwa wa tangi.
Uamuzi: Kikundi kitanunua tangi la lita 2,000. Malipo yasifanyike kabla jukwaa halijakaguliwa.
Sababu: Fedha zilizopo ni shilingi 650,000, hazitoshi tangi la lita 5,000. Mvua ya milimita 30 juu ya paa la maabara inakadiriwa kutoa lita 2,304.
Utekelezaji: (a) Msimamizi wa vifaa ataulizia bei na uwepo wa tangi dukani, Ijumaa tarehe 13 Machi. (b) Mwalimu mlezi na fundi wa shule watakagua jukwaa kabla ya Jumatatu tarehe 16 Machi (waliteuliwa baada ya kikao). (c) Mtunza fedha atalipa baada ya kupokea taarifa ya (b).
Lililobaki wazi: Nani atakayesafirisha tangi. Halikuzungumzwa.

Mistari hii imetoka katika mazungumzo ya dakika kumi hivi. Pendekezo la lita 5,000 halimo kama pendekezo, wala jina la aliyelitoa. Limebaki katika sababu tu, mahali linapomsaidia msomaji. Kila kazi inaanza kwa mtu na kitenzi kinachoonekana kwa macho: ataulizia, watakagua, atalipa. Vitenzi kama "kushughulikia" na "kufuatilia" viepukwe, maana hakuna mtu awezaye kusema kwa hakika ni lini jambo limekwisha kufuatiliwa. Na mstari wa mwisho ni wa thamani kuliko unavyoonekana. Katibu aliutambua usafirishaji kwa kujiuliza swali moja: mtu ambaye hakuwepo, akiwa na karatasi hii tu, atakwama wapi? Hakuwa na jibu kutoka katika sauti, kwa hiyo hakulibuni, alionyesha pengo.

Mbali na ajenda, kazi zote zikusanywe mwishoni katika jedwali moja lenye safu tatu, yaani mhusika, kazi na tarehe, ili kila mjumbe atafute jina lake na kuona yote yanayomhusu bila kusoma mengine. Kikundi chenye watu sita kikiwa na kazi zaidi ya kumi na mbili kutoka katika kikao kimoja, katibu atazame tena. Yawezekana baadhi yake ni maoni yaliyovikwa nguo za maamuzi.

Rasimu ipelekwe kwa wajumbe wote kabla siku mbili hazijapita, wakati kumbukumbu zao zingali mbichi, nao waombwe kusahihisha kwa kutaja mstari. Msimamizi wa vifaa akileta malalamiko kwamba liliamuliwa tangi la lita 5,000, katibu amwonyeshe dakika ya 11 na ya 17, wasikilize pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya ile sauti. Ihifadhiwe mpaka muhtasari uthibitishwe katika kikao kinachofuata, kisha ifutwe katika simu ya mwalimu. Baada ya hapo kumbukumbu ya kikundi ni karatasi iliyotiwa saini na mwenyekiti na katibu.

Kikao kinachofuata hufungua kwa yatokanayo, na hapo jedwali la kazi husomwa mstari kwa mstari. Katika mfano huu kikao kilikuwa Jumatano tarehe 18 Machi. Dukani palikuwa na tangi, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa kikundi. Jukwaa lilikutwa na ufa katika kona moja, likajengwa upya kwa saruji. Kazi ya (c) iliandikwa tena na kupewa tarehe mpya, tarehe 23 Machi, na chini yake katibu akaandika jina la mjumbe aliyekuwa mgonjwa, ambaye sasa alikuwa amejitolea kutafuta mkokoteni.